Sukari Ndani ya Kopo la Jina Kubwa

Shangazi yangu huoka biskuti za kuuza, na chapa ya duka haivuki mlango wa jiko lake. "Pakiti yenye nembo ya supamaketi? Hiyo ni ya watu waliokata tamaa," husema. Yeye ni wa chapa zinazoimbwa redioni tu.

Anayemnunulia mahitaji ya jikoni ni mimi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikileta sukari, chumvi na soda ya kuokea za duka, nikizimimina kwenye makopo yake ya jina kubwa. Chenji namrudishia yote; anadhani bei zimeshuka.

Leo alikuwa anakuja mama wa mkahawa wa jirani kuonja. Akiridhika, atachukua biskuti kila siku, na shangazi ataacha kuzunguka maofisini na kikapu kichwani.

Trei ya kwanza ikatoka. Biskuti zimetandaa, zimeshikana, laini kama sponji ya kuogea.

Shangazi akaenda kutupa karatasi, akarudi ameshika pakiti tupu ya sukari ya duka.

"Wewe mtoto! Umeniloga?"

"Shangazi, sukari ni sukari. Soma kiambato: sukari, basi. Soda nayo ni soda tupu. Umezitumia muda wote huu ukijisifu."

"Na hizi biskuti zilizogeuka chapati je?"

Nilikuwa nazitazama. Nikafungua friji. Siagi ya mimea alikuwa ameinunua mwenyewe jana, chapa yake ileile, kopo jipya lenye picha ya ua.

"'Nyepesi,'" nikasoma. "Mafuta asilimia arobaini. Ile ya siku zote ni themanini. Sehemu kubwa ya hii ni maji, shangazi. Umeoka kwa maji."

"Lakini ni chapa yangu!"

"Jina ni lako, kilichomo si chako."

Nikatoa kopo langu la siagi ya duka ninayopaka kwenye mkate. Asilimia themanini. Akalitazama kama mtu anayetambulishwa kwa mkwe asiyemtaka.

"Basi na kakao tutie ya duka, si ndiyo?" akanikejeli.

"Hapana. Ya duka niliijaribu, imepooza. Kakao bakia na yako."

Akachota siagi ya kopo langu, akachanganya upya, akigonga mwiko kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mama wa mkahawa alifika trei ya pili ikiwa bado ya moto. Akauma, biskuti ikalia *kra*. Akachukua nyingine, kisha akauliza kama kesho asubuhi tunaweza kumletea trei nzima.

"Siri yako nini, dada?"

"Natumia vitu vya jina tu," shangazi akajibu bila kupepesa macho. Nikajificha nyuma ya mlango wa friji nicheke.

Mgeni alipoondoka, shangazi akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Sasa niombe radhi. Umenidanganya ndani ya makopo yangu mwenyewe."

"Siombi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, shangazi. Na sukari imekwisha. Naenda kununua ileile."