Mstari wa Nusu

Pampu ya zahanati ya Ijumbi ilikufa Jumatatu, na kufikia Jumatano akina mama waliojifungua walikuwa wanaogeshwa kwa maji ya ndoo yaliyopandishwa kilima kwa miguu. Fundi wa pampu, Apolinary, alipiga simu Hamugembe kwenye karakana ya Mzee Burhani. Alisema bushi, kile kibomba cha shaba ambamo shafti huzungukia, imelika, na shafti haitoki kwa sababu imeng'ang'ana na gurudumu la pampu, ukiilazimisha utaivunja. Vipimo vya nje vya bushi alikuwa ameshavituma. Kilichobaki ni tundu la ndani, na hilo lilitegemea unene wa shafti.

"Piga picha ya maikromita ikiwa imeishika shafti," Kokuhirwa, mkerezaji wa karakana, alimwambia. "Ya karibu, na simu isimame wima mbele ya mistari. Ukipiga ubavuni mistari itanidanganya. Na kwanza ijaribu kwenye kile kijiti chake cha milimita ishirini na tano, uone kama inasoma sifuri."

"Nimeshaijaribu, dada. Inasoma sifuri kabisa."

Picha ikaingia kwenye wasapu. Kokuhirwa akaitazama kwa haraka ya mtu anayejiamini, na kusema kweli alikuwa na haki ya kujiamini. Tangu Krismasi ni yeye aliyeendesha mashine ya kukereza, na hakuna kazi hata moja iliyorudi. Lakini siku hiyo roho yake haikutulia. Shaba iliyofaa ilikuwa kipande kimoja tu, na Mwanza walisema kingine ni baada ya wiki mbili. Tundu ukilipanua kupita kiasi, huwezi kulirudisha. Akikosea, zahanati itakaa wiki mbili na ndoo.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake, ya kizamani na ya kuudhi, na Mzee Burhani hakuiacha hata siku za mvua ya mawe. Chuma hakikatwi mpaka watu wawili wasome kipimo, kila mmoja peke yake. Zamani waliandika kwa chaki, kila mtu kwenye kibao chake, kisha vibao vikageuzwa pamoja. Siku hizi mzee alikuwa amelegeza. Aliuliza tu, "Umepata ngapi, Koku?" Akitajiwa, aliinua maikromita kwenye mwanga, akaigeuza, akasema, "Hata mimi nimepata hivyo hivyo." Miezi minane hawakuwahi kutofautiana.

"Leo tuandike," Kokuhirwa akasema. "Shaba ni moja, waitu."

Mzee akapangusa mikono kwa kitambaa. Kisha akaomba simu.

Kokuhirwa aliandika 28.98. Namba ishirini na tano ilionekana kwenye kipimo, mistari mitatu mizima baada yake, hapo ishirini na nane. Upande wa chini mstari wa nusu ulikuwa umechungulia kwenye ukingo wa kikombe kinachozunguka. Na kikombe kilisoma arobaini na nane. Nusu na arobaini na nane, ndiyo tisini na nane. Akafunika kibao.

Mzee alikuwa bado ameshika simu. Alikuwa amegundua kwamba vidole viwili vikisukumana kwenye kioo, picha inakua. Akaikuza, akaikuza tena, mpaka mistari ikawa minene kama fito za ua. Alitazama kwa muda mrefu mno. Midomo ilimcheza. Kisha akachukua chaki na kuandika, kwa namba kubwa za mtoto wa shule.

Wakageuza vibao. Cha mzee kiliandikwa 28.48.

"Mawe! Mama yangu!" Kokuhirwa akasema. "Mzee, umeusahau mstari wa nusu. Huo hapo, unaonekana."

"Unaonekana. Haujafika."

"Unaonekana lakini haujafika?"

"Kikombe kina alama hamsini, na mzunguko mmoja ni nusu milimita. Kikisoma arobaini na nane, bado alama mbili kimalize mzunguko. Hakijamaliza, sasa hiyo nusu unaihesabu ya nini? Mstari nao una unene wake, mwana wange. Ule ni ukingo wake umetangulia kuchungulia. Ungekuwa umefika kweli, kikombe kingekuwa kimepita sifuri na kuanza upya."

Kokuhirwa akairudia picha. Aliyajua maneno hayo, aliyafundishwa na mzee huyo huyo. Lakini pia alijua macho ya mzee yamechoka, na yake ni ya umri wa miaka ishirini na sita. Nusu milimita ilikuwa katikati yao. Akachukua simu, akampigia Apolinary.

"Una kalipa? Pima palepale, unipigie picha."

Picha ya pili ikaja. Sasa hakuharakisha. Sifuri ya vernia, ile rula ndogo inayoteleza kwenye kalipa, ilisimama kati ya ishirini na nane na ishirini na tisa, karibu na katikati. Akaitafuta alama iliyokutana uso kwa uso na mwenzake wa juu: ni ile yenye namba tano, yaani sehemu tano za kumi. Ishirini na nane nukta hamsini. Kalipa hiyo huenda kwa hatua za sehemu tano za mia, haiwezi kusema arobaini na nane. Lakini haiwezi pia kukosea kwa karibu nusu milimita. Mzee alikuwa sahihi.

"Kwa hiyo tuseme ishirini na nane na nusu?" Apolinary aliuliza kwenye simu.

"Hapana. Kalipa imetuonyesha nyumba. Maikromita ndiyo imetuonyesha mlango. Ishirini na nane nukta arobaini na nane. Nakuongezea sehemu nne za mia kwa ajili ya mafuta. Tundu litakuwa 28.52."

Alikata kwa kuumauma, akipima kila baada ya mpito, na mpito wa mwisho ulitoa uzi wa shaba mwembamba hata ukaelea hewani kabla ya kutua. Bushi ikapanda gari la Muleba mchana uleule.

Saa kumi na nusu simu ikalia. "Imeingia kwa kusukuma na dole gumba," Apolinary alipaza sauti. "Haichezi hata kidogo. Sikilizeni!" Nyuma yake pampu ilikohoa, ikanguruma, na mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Kokuhirwa alikaa chini kwenye sakafu yenye mafuta. Mtu aliyekuwa Ijumbi alikuwa amekipiga chuma picha, na wao huku Hamugembe wakaona kitu chembamba kuliko unywele, wakakitaja kwa jina lake. Jambo hilo lilimtisha kwa uzuri wake.

Ndipo akili ikamrudia.

"Mzee. Miezi minane hatujatofautiana hata mara moja. Kwa nini leo?"

Burhani alikuwa ameichukua tena simu, ameikuza picha mpaka mstari mmoja umejaa kioo kizima. Hakuinua uso.

"Tangu Krismasi sijaona alama hata moja," akasema. "Kuna ukungu. Ulikuwa unanitajia, nami naitikia. Niliona haya, Koku. Leo ndiyo nimeiona mistari tena."

Akampa simu, akafuta macho kwa mkono wenye grisi. Kokuhirwa alitazama rafu ambako kwa miezi minane shafti zilipita: za mashine za kahawa, za boti, ya mashine ya unga ya Buhembe. Zote zilisomwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni yeye, na alikuwa hajui kwamba anasoma peke yake.