Weka na ya Kutolea

Mimi nina kiburi kimoja: sidanganyi mteja. Ada ya kutuma pesa iliposhuka, nilipiga picha kibanda changu pale stendi ya Mafinga, nikaiweka status na maneno haya: "Ada ya kutuma imeshuka nusu! Ila ni mtandao wetu kwenda mtandao wetu tu, mpaka mwisho wa mwezi. Kutoa, makato ni yaleyale. Mtumie mtu wako na ya kutolea."

Dada yangu Eveline alicheka mpaka akakaa chini. "Frida, hilo ni tangazo au mahubiri? Futa hayo masharti!"

Jirani yangu Kasian, wakala wa mtandao uleule, yeye aliandika maneno matatu: "KUTUMA PESA BURE!" Foleni yake ikafika kwa muuza mbao. Kwangu walikuja wawili, mmoja akiomba chenji. Mimi naishi kwa kamisheni, na kodi ya kibanda ilikuwa mlangoni. Roho iliniuma, nisiseme uongo. Nikashika simu nifute.

Ndipo Mama Severina wa kwaya alipokuja mbio, kitenge kikimvuka, simu sikioni.

"Frida mwanangu, nimeaibika! Leo tunatoa mahari ya mwanangu Clement kule Iyunga, Mbeya. Mshenga wetu Gerson yuko kwa wakala, anaambiwa salio halitoshi!"

"Mama, ulituma na ya kutolea?"

"Ya kutolea ya nini? Si Kasian kasema bure? Nimetuma kamili kama walivyotaka wakwe. Sasa wamekaa sebuleni, wanasema isipotimia mkononi, binti haondoki!" Machozi yalimtoka. "Halafu nikakumbuka, wewe uliandika kitu mwishoni."

Niliisoma tena ile status kwa sauti. Nikamuuliza kama namba ya Gerson ni ya mtandao huu, akasema ndiyo. Akanipa noti, nikamwekea kwenye simu yake, akatuma mwenyewe ile ya kutolea.

Tukasubiri. Foleni nzima ya Kasian ilikuwa imegeuka kututazama.

Simu ikalia. Severina akaweka spika. "Shemeji, imetoka yote!" alisema Gerson. "Naingia ndani nayo sasa, usikate simu!" Punde vigelegele vikatoka Iyunga, vikajaa kibanda changu. Severina akavipokea kwa vyake, akanikumbatia juu ya kaunta, akaangusha vocha zangu zote. Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema.

Kisha akageukia foleni kwa sauti ile anayotolea matangazo kanisani. "Wapendwa! Mtandao mmoja tu!"

"Amina!" wakaitikia, wakicheka.

"Mpaka mwisho wa mwezi!"

"Amina!"

"Na kutoa kunakatwa!"

"Aaamina!" Sauti nene kuliko zote ilikuwa ya Kasian.

Foleni ikaanza kuhamia kwangu. Eveline alininyang'anya simu, nikadhani anafuta.

"Hapa kwenye 'ya kutolea,'" alisema, "ungeweka herufi kubwa."