Herufi Hamsini

Mzee aliyeingia redioni Alhamisi asubuhi hakuja kugombana. Angekuja kwa ugomvi, Wafaa angejua la kufanya, maana wagomvi hupewa kiti, maji ya kunywa na nambari ya meneja, na mambo yakapoa. Huyu alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avue, akakaa kwenye ncha ya benchi, akauliza kama ni hapa panaposomwa matangazo ya vifo.

"Ni hapa, mzee. Shikamoo," alisema Wafaa.

"Marahaba, mwanangu. Mie Mbarouk Usi, nnatoka Paje. Nna suali moja tu, nkijibiwa nnaondoka zangu."

Redio yenyewe ni ndogo, vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa Mji Mkongwe, lakini saa moja asubuhi na saa saba mchana kisiwa kizima huisikiliza. Mtu akifa alfajiri huzikwa siku ile ile, na si kila jamaa ana simu, wala si kila jamaa anapigiwa. Redio ndiyo inayomfikia aliye kondeni, aliye pwani, na yule ambaye hamsemeshani. Tangazo likipotea, basi kuna mtu aliyekosa kumzika wake, na maziko hayarudiwi.

"Jumanne mlisoma tangazo la Mwanakheir Usi, wa Makunduchi?" aliuliza mzee.

Bi Nassra, ambaye amesoma vifo vya watu kwa miaka ishirini bila kukosea jina, alifungua daftari lake. Jumanne yalisomwa manne. Mwanakheir hakuwamo.

"Nlijua," alisema Mzee Mbarouk, akatazama mikono yake.

Habari yake aliieleza kwa maneno machache. Mwanakheir alikuwa dada yake, tumbo moja. Walinuniana miaka sita kwa ajili ya minazi ya baba yao, hata mbuzi akipita kati yao hawaulizani ni wa nani. Alikufa usiku wa kuamkia Jumanne, na yeye alipata habari Jumatano dukani, pale mtu alipompa pole akidhani anajua. Alimwendea jirani, akaazima simu, akampigia mtoto wa dada yake, Mjaka. Mjaka akaapa kwamba tangazo alilipeleka redioni, kwa mtandao, na jina la mjomba wake limo.

"Sasa mie nataka kujua tu kama ananidanganya," alisema mzee. "Kama hakuleta, basi wamenifukuza katika maziko ya dada yangu, na hitma yao ya kesho ya kumwombea siendi, wala sitokwenda kwao mpaka nife. Nkijua, ntatulia."

Wafaa ndiye fundi wa mtandao pale, na fomu ya matangazo ni kazi ya mikono yake. Alikuwa tayari kusema kwamba mtandao wao haupotezi kitu. Mungu alimnusuru, hakusema. Alitafuta kwanza kwenye hifadhidata: Mwanakheir hayupo. Kisha, kwa kutaka tu kujiridhisha, akafungua faili ambalo seva huandikia makosa yake, faili ambalo hakuwa amelitazama tangu Jumamosi.

Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi na tisa asubuhi, kulikuwa na mstari mmoja: *Data too long for column 'jina_marehemu' at row 1*. Yaani jina la marehemu ni refu kuliko nafasi yake. Alipanda juu na kushuka chini. Mistari ya aina ile ilikuwa tisa, na wa kwanza ulikuwa wa Jumamosi jioni.

Alielewa yote kwa mara moja, na hilo ndilo lililomuumiza, kwamba hapakuwa na la kutafuta. Mwaka jana watu walilalamika kuwa kisanduku cha jina kwenye fomu hakiwatoshi, akakipanua kutoka herufi hamsini mpaka mia na hamsini. Hifadhidatani, safu ya jina ikabaki ile ile ya hamsini. Alisema ataipanua kesho, na kesho ikawa na mambo yake. Hakuna kilichoharibika, kwa sababu seva ya zamani ilikuwa ya upole: jina likizidi, hulikata mkia, huweka onyo ambalo hakuna anayelisoma, na kuhifadhi mengine yote. Bi Nassra akiona jina limekatika huinua simu, akawapigia wafiwa kwa nambari waliyoacha, akalikamilisha kwa kalamu. Hakuwahi kumwambia Wafaa. Aliona ndiyo kazi yake.

Jumamosi Wafaa alihamia seva mpya, na hii huja ikiwa katika hali kali, ile wanayoiita mafundi *strict mode*. Haikati kitu. Data ikizidi nafasi, inaukataa mstari mzima, na jina, siku, mahali pa maziko na nambari ya simu vyote hubaki nje. Wafaa alilijua hilo na alilipenda, maana afadhali kukataa kuliko kuhifadhi kitu kibovu. Alikuwa sahihi. Alijaribu fomu mara tatu kwa jina la "Ali Ali", ikapita, akaenda zake nyumbani kula. Na zamani zile alipoandika fomu, ili wafiwa wasitishwe na maneno ya Kiingereza, aliyameza makosa yote kwa namna ambayo ukurasa huonesha jibu moja tu, seva ikikubali ama ikikataa: *Tangazo lako limepokelewa. Poleni kwa msiba.*

"Mzee," alisema Wafaa, "Mjaka hakudanganya aliposema kwamba alileta. Tangazo lilikuja. Sie ndio tulioliangusha. Mie."

Alimweleza kwa Kiswahili cha kawaida, bila kujificha nyuma ya maneno ya ufundi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Nnakuamini kuwa kuna tangazo limeanguka," alisema. "Lakini lilikuwa lake? Na mie nlikuwamo? Nioneshe jina langu."

Hapo ndipo Wafaa aliposhikwa. Kosa huandika safu na saa, haliandiki kilichokuwamo. Alichonacho ni mstari unaosema kitu kirefu kilikataliwa, basi. Ilimpitia akilini kwamba angeweza kukaa na kibodi dakika mbili, akamtengenezea mzee tangazo zima lenye jina lake, na mzee asingejua milele. Aliona haya hata kwa kuliwaza.

Badala yake alimpigia Mjaka, akaiweka simu juu ya meza, sauti wazi. Alimwomba amwambie ni saa ngapi alijaza fomu, na aliandika nini hasa kwenye kisanduku cha jina, neno kwa neno.

"Baada ya sala ya alfajiri tu, kumi na mbili na robo hivi," ilisema sauti ya Mjaka. "Nliandika alivyotaka mwenyewe. Bi Mwanakheir Usi Mmanga Ubwa, dada wa Mbarouk Usi wa Paje. Alisema nkifa nitangazwe hivyo, asikie kaka yangu mwenyewe, asingoje kuletewa habari na mtu. Nliona jina la mjomba nkiliweka kule chini penye majina ya jamaa litasomwa haraka. Nkaliweka juu, pamoja na lake."

Wafaa alichukua karatasi na kalamu. Aliandika jina la marehemu peke yake na kuhesabu mbele ya mzee, herufi moja moja, pamoja na nafasi za katikati, maana nazo huhesabiwa. Ishirini na tisa. Akaandika yaliyofuata, kuanzia ile koma, akahesabu tena. Ishirini na tisa nyengine. Jumla hamsini na nane.

"Jina la dada yako peke yake lingepita, mzee, na nafasi ingebaki. Lililokataliwa saa ile lilizidi hamsini, na saa ile hapana jengine. Lazima paliongezwa kitu kirefu. Ana jina jengine alilokuwa akijulikana nalo? La utani, la ukoo?"

"Hana," alisema Mzee Mbarouk. "Alikuwa hataki kubandikwa majina."

Alivuta karatasi karibu na macho. Alipitisha kidole chini ya maneno yale, polepole, akafika kwenye jina lake, akabaki hapo.

"Kwa hivyo ni mie," alisema. "Angelitangazwa peke yake, ningelisikia. Redio nliiwasha Jumanne. Nliisikiliza mpaka mwisho."

"Si wewe, mzee. Ni kisanduku changu, nilikiacha kidogo. Wewe huna kosa lolote." Wafaa alikuwa analia, na hakujifuta.

Simu ilikuwa bado haijakatwa. "Mjomba," alisema Mjaka. "Mjomba, upo? Tulikuwa tumzike saa nne. Redio hatukuiwasha, tumo katika msiba, nkawaambia watu wangoje, tangazo litasomwa tena saa saba. Tukakungoja mpaka alasiri. Mashekhe wakasema hatuwezi kumweka zaidi. Nliona hujaja, nkajua bado una hasira naye."

Mzee aliinamisha kichwa, kofia ikateleza, Bi Nassra akaiokota na kuishika tu, hajui amrudishie vipi. Nje fundi wa pikipiki alikuwa akipiga nyundo, na hakuna aliyepata ujasiri wa kwenda kufunga dirisha.

"Ntakuja hitmani kesho," alisema mzee mwishoni, kuielekea simu. "Mwambie mkeo ntakuja."

Wafaa aliipanua ile safu. Amri moja ya mstari mmoja, sekunde mbili hazikutimia, na hajawahi kujichukia kama katika sekunde mbili zile. Akaurekebisha na ukurasa, ili tangazo likikataliwa mfiwa aambiwe. Wale wanane wengine hakuwa na namna ya kuwajua. Hapakuhifadhiwa jina wala nambari ya simu. Alimwomba Bi Nassra awaombe radhi hewani, wajitokeze, akijua kwamba waliotakiwa kusikia walishachelewa.

"Mnaweza kulisoma hata sasa?" aliuliza Mzee Mbarouk. "Maziko msiyataje. Jina lake tu."

Wafaa alilijaza mwenyewe kwenye fomu, kama lilivyokuwa. Halafu akalitafuta hifadhidatani kwa macho yake, akalikuta zima, herufi hamsini na nane.

Saa saba mzee alikuwa bado kwenye benchi, hakutaka kuingia studio. Redio ndogo ya mapokezi ilikuwa juu ya kabati. Sauti ya Bi Nassra ilitoka pale, taratibu, bila haraka, ikatangaza kifo cha Bi Mwanakheir Usi Mmanga Ubwa, dada wa Mbarouk Usi wa Paje.

"Naam," alisema mzee, akainua kichwa, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

Alingoja. Bi Nassra alinyamaza kidogo kama afanyavyo baada ya kila jina, kisha akaendelea na tangazo linalofuata.