Ufa Uliopanda Milimita Tatu

Shangazi hakuwa mtu wa kukosolewa hovyo. Miaka thelathini katika ofisi ya jiolojia, hakuna mchoro wake uliowahi kurudishwa, na jambo hilo alilitangaza hata kwa wasioulizia. Ndiyo maana binti wa kaka yake, aliyemfundisha kazi mwenyewe na kumkalisha meza ya pili, aliukagua mara mbili mchoro wake mpya wa mkato, unaoonyesha ardhi kana kwamba imekatwa kwa kisu. Saa sita ungekwenda kuchapwa.

Chini, tabaka za chokaa na udongo mgumu zilikuwa zimekunjwa kama shuka lililosukumwa miguuni mwa kitanda. Ufa ulizikata, upande mmoja ukashuka. Juu ulipita mstari wa mawimbi, uso wa ardhi ya kale iliyomomonyoka, na juu yake mawe ya mchanga yamelala tuli. Lakini ufa, jamani, ulikuwa umeuvuka mstari huo na kuingia kwenye mawe ya mchanga.

Binti alifungua daftari la nyikani, lenye vipimo vya mawe yenyewe. Ufa uliishia chini ya mawe ya mchanga. Kama ungekuwa umeyakata, hata kitako cha mawe hayo kingeshuka upande mmoja, na hakikushuka.

Akavuta kiti. "Shangazi, nieleze ilivyokuwa, mwanzo hadi mwisho."

"Leo umekuwa mkaguzi?" Shangazi alicheka. "Haya. Tabaka za chini zilijilaza baharini. Zikabanwa, zikakunjwa. Ufa ukaikata mikunjo. Ardhi ikanyanyuka, mvua na mito ikaisaga mpaka ikawa bapa. Ndipo mchanga ukaja kufunika, tuli, kama unavyouona."

Kila kitu kilikuwa sawa. Kichwa cha shangazi hakikuwa na kasoro. Binti alitamani kingekuwa nayo, maana yaliyobaki ni macho tu, na hilo lilimuuma zaidi.

"Basi ufa ni mkubwa kwa umri kuliko mchanga."

"Kwani kuna ubishi?"

Binti aliushika mkono wa shangazi yake, akaweka kidole chake palipo wino. "Hapa umevuka. Milimita tatu."

Shangazi aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Akainamisha taa.

"Sioni, mwanangu," alisema hatimaye. "Tangu mwaka jana. Nachora kwa mazoea."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa daktari ningekwenda. Wewe ndiye niliyekuogopa. Nilikufundisha kuangalia, halafu nije nikwambie siangalii?"

Binti alimkumbatia, akilia waziwazi. Shangazi alimpigapiga mgongoni, akimwonya asidondoshe machozi kwenye wino. Kisha akachukua wembe kwenye sahani ya vifaa, akamwekea kiganjani, akainuka na kumwachia kiti chake.

"Kwangua taratibu, usitoboe karatasi," alisema, akikaa kwenye meza ya pili. "Na kwenye nafasi ya mchoraji, andika jina lako."