Barua ya Nkwabi

Apolinari hakuwa na mguu wa kulia chini ya goti, hakuwa na usingizi, wala hakuwa na nguvu za kulima tena shamba lake la kijijini Mbingu. Lakini kilichomkereketa ni barua. Nkwabi, mfugaji aliyekatwa mguu kama yeye, alikuwa anaandikiwa barua ya kwenda kwa daktari wa upasuaji, na yeye hana.

Ritha, mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali ya Ifakara, aligonga ncha ya kigutu cha Nkwabi. Nkwabi akaruka kama aliyepigwa na umeme.

"Neva, mshipa wa fahamu, imeota kivimbe," alisema Ritha.

"Hata mimi naruka!" Apolinari akadai.

"Haya babu, fumba macho."

Akaguswa kidogo tu. Akaruka, akapiga yowe.

"Hilo ni paja, babu."

Nkwabi akaangua kicheko. "Mzee, unataka mpaka maumivu yangu?"

"Sema kweli, panauma wapi?" Ritha aliuliza.

Apolinari akainama. "Vidole. Vile vilivyozikwa. Vinaungua, vimejikunja. Mtasema nina wazimu."

"Huna. Ubongo bado unautambua mguu, na maumivu ni ya kweli. Kigutu chako ni kizima, kisu hakitakusaidia."

Akasimamisha kioo kando ya mguu mzima. Apolinari akachezesha vidole vya mguu huo polepole, akitazama kiooni na kuona miguu miwili. Vile vilivyojikunja vikalegea kidogo.

"Na mimi nipewe kioo!" alisema Nkwabi.

"Chako ni barua," Apolinari alimjibu, akikikumbatia kioo. Hata hivyo hakubandua macho kwenye barua ile Ritha alipoifunga bahasha kwa gundi na kumkabidhi dereva wa hospitali aondoke nayo.