Safu ya Anayeripoti Kwake

"Futa," Mokua alisema tena.

"Sifuti."

"Mama Ruth, nakuomba. Toa cheo changu hapo, urudishe cha Jethro kama kilivyokuwa."

"Jethro ni karani wa stoo. Anahesabu magunia na mifagio. Chumba cha kunyausha majani anakijulia wapi?"

"Feni nazijua," Jethro alidakia kutoka mlangoni. "Zinavuma."

Sikucheka. Jedwali la kazi za kiwanda lilitakiwa kuondoka siku hiyo kabla ya ofisi kufungwa, na mahali pamoja tu palikuwa pamebaki. Nje ya dirisha langu, kwenye benchi, alikuwa amekaa Nyanchama, msimamizi wa chumba cha kunyausha. Alikuwa ametupa mgongo. Alisikia kila neno, na sote tulijua anasikia, lakini Mokua aliongea kana kwamba benchi ni tupu. Mokua amemwoa Persis, binti ya Nyanchama. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake wana ensoni baina yao. Hawashikani mikono, hawakai pamoja, na hata siku moja mwanamume hampi mama mkwe wake amri.

Shida ni kwamba Mokua ni msimamizi wa zamu ya mchana, na Nyanchama yuko zamu hiyo hiyo.

Kiwanda chetu cha chai kiko mlimani juu ya Kebirigo. Alasiri ukungu hushuka, ukaingia kwenye madirisha ya juu, ukachanganyika na harufu ya majani yanayolegea juu ya vile vitanda virefu vya waya. Ni harufu ya mapera yaliyoiva na nyasi zilizokatwa asubuhi. Inaleta usingizi. Kwa majuma kadhaa nilikuwa nimeketi ndani ya harufu hiyo nikigeuza maelezo ya kazi ya kiwanda kizima kuwa majedwali, kwa sababu washauri walikuwa wanakuja kupanga madaraja ya mishahara upya. Ni kazi ya kukata na kupanga. Unachukua aya ndefu iliyoandikwa na meneja aliyestaafu zamani, unaipasua: kila jukumu mstari wake, likianza na kitenzi. Elimu mahali pake, uzoefu mahali pake, na ni mahitaji ya kazi yenyewe, si vyeti vya anayeifanya. Halafu anaripoti kwa nani, na anasimamia nani. Ile "na kazi nyingine atakazopewa" unaishusha mwisho kabisa, maana haina uzito wowote.

Nilizipasua nyingi mno, hata nilipofumba macho niliona watu wakitembea ndani ya mistari. Wapishi wa kantini wakipita polepole, wapima uzani, walinzi na tochi zao, kila mmoja akitafuta kisanduku chake kama mama anayetafuta kiti kanisani. Ukungu ukipita, walififia. Ukiondoka, walikuwa bado wanatembea. Nyanchama peke yake hakuwa na pa kuingia.

Ilianza hivi. Mokua alipopandishwa kuwa msimamizi wa zamu, mtu fulani kwa heshima alibadilisha maelezo ya kazi ya Nyanchama yakasema anaripoti kwa karani wa stoo. Hakuna aliyeshtuka. Yeyote aliyezaliwa huku angefanya vivyo hivyo. Mokua akitaka feni ipunguzwe anamwambia Jethro, na Jethro anavuka ua kwenda kumwambia Nyanchama. Majani hayakuungua hata mara moja.

Lakini mshauri atakayesoma jedwali hajui ensoni. Ataona kazi iliyo chini ya karani wa stoo, na kazi haiwezi kupewa daraja sawa na ile inayoisimamia, seuze kuipita. Nyanchama huamua majani yakae muda gani, lini yaende kwenye mashine, nani afanye nini. Akishushwa daraja, atastaafu na hilo la chini.

"Maagizo ya washauri ni haya," nilimwambia Mokua. "Karatasi ikitofautiana na kazi inavyofanyika, niandike inavyofanyika, niweke alama, kisha mwenye kazi na msimamizi wake watie sahihi. Amri zinatoka kwako. Jethro anazibeba tu."

"Nazibeba vizuri," Jethro alisema. "Siku hizi nyumbani najiita bosi wa mama mkwe wa bosi."

"Nyamaza, Jethro."

"Nitie sahihi yangu juu ya Mama?" Mokua alisema. Sauti yake ilishuka. "Iandikwe kwamba mimi ndiye mkubwa wake? Persis atanipikia tena?"

"Na asipopewa daraja lake, Persis atakupikia?"

Nyanchama akakohoa kule nje.

"Jethro," aliita bila kugeuka. "Mwambie huyo mtoto wa watu asijisumbue. Aniandike chini yako. Nimevaa aibu ndogo nyingi, sitaki ile kubwa."

"Anasema..."

"Nimesikia," Mokua alisema.

Mimi nilikasirika. Nilikasirikia wote wawili, na ule ukungu pia. "Mama Persis, umefanya kazi ile tangu Ruth wangu anatambaa. Siandiki uongo eti kwa sababu unapenda kukaa kimya."

"Basi usiandike kitu," alisema.

Kisanduku kitupu maana yake kazi haipimwi. Nilimweleza. Feni za juu zikaendelea kuvuma.

Niliyaangalia tena maneno kwenye skrini. *Msimamizi wa Zamu.* Hayakusema Mokua. Jedwali linapima kazi, wala halimjui Mokua.

"Baba Celestine," nilimwambia Mokua, "Ondieki bado anahangaika na kusimamia zamu ya usiku?"

"Ondieki ni Msabato. Kila Ijumaa jua likizama anaomba mtu amshikie. Meneja alishamwambia akipata wa kubadilishana naye, ahamie mchana." Alinitazama. Akatazama kofia yake. "Mimi Ijumaa usiku sina neno."

"Utalala mchana, na mtoto analia."

"Nitalala."

"Persis atakuona jioni tu."

"Bora anione jioni kuliko asinitazame kabisa." Alivaa kofia. "Jethro, mwambie Mama kuanzia leo zamu hii ina msimamizi mwingine. Akitumwa na Ondieki, atumwe ana kwa ana, kama watu."

Jethro aligeukia dirishani, akafungua mdomo, akaufunga. Nyanchama alikuwa amesimama. Alikuwa ameinama kidogo, akifunga leso yake kiunoni, taratibu, bado ametupa mgongo.

"Mwambie nimesikia," alisema. "Na mwambie usiku kule kuna baridi. Achukue sweta."

Mokua alitoka kwa mlango wa nyuma ili asipite mbele yake. Nilimpigia meneja simu, akakubali kabla sijamaliza kueleza. Nikaandika barua ya mabadiliko ya zamu, nikaichapa. Ondieki aliletwa kutoka nyumbani kwa bodaboda, macho mekundu, hajui kama anaota. Alisoma mstari wa msimamizi wa chumba cha kunyausha, jukumu moja baada ya jingine, akatikisa kichwa kukubali, akatia sahihi. Nyanchama aliingia ofisini, akaketi kwenye kiti ambacho hajawahi kukikalia, akatia yake chini ya ile ya Ondieki.

Nikaweka alama, nikatuma.

Juu, feni moja ilipunguza sauti. Nyanchama aliinua kichwa akasikiliza, kisha akaondoka kwenda kuitazama.