Insha Kumi na Nne za Bi Lorraine

Barua ilifika katikati ya Agosti, na kwa kuwa siku hizi hakuna anayeandika barua kwa mkono, mama yake Freya Duckworth aliisoma kwa sauti mezani, mara mbili, huku mkate wake ukipoa. Ilitoka kwa Lorraine Ashworth, mkuu wa idara ya Historia katika shule ambako Freya angeanza kazi Septemba, kazi yake ya kwanza ya ualimu.

"Mpendwa Freya," iliandikwa, "karibu sana kwetu. Tuko watatu tu: mimi, Imran Lodhi, na sasa wewe. Usinunue kikombe, nimekuwekea. Chumba chako kina dirisha lisilofungika vizuri, kwa hiyo njoo na sweta.

"Sasa kazi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika insha moja ndefu, kila mtu na mada yake, na sisi wenyewe ndio tunaoisahihisha, alama arobaini. Ni moja ya tano ya matokeo yao yote, kwa hiyo tunaishika kama yai. Andika pembeni kwa nini umetoa alama hiyo. 'Vizuri sana' haimsaidii mtu. Usimwambie mwanafunzi alama yake kabla hatujakaa pamoja na kuzilinganisha. Tutabadilishana insha zikiwa hazina alama, kila mmoja asome za mwenzake, nami nitatoa zangu kama ninyi. Baada ya hapo bodi ya mitihani huomba sampuli. Wakiona tumetoa kwa ukarimu kupita kiasi, hushusha alama za shule nzima, hata za mtoto aliyepewa haki yake. Kwa hiyo ukiona alama yangu haijakaa sawa, uniambie. Usiogope."

"Huyu ni mtu mwema," mama yake alisema. Akaikunja barua vizuri na kuirudisha kwenye bahasha.

Na kweli alikuwa mwema. Lorraine alikuwa na miaka sitini na moja, na thelathini na sita kati ya hiyo alikuwa ameimaliza katika shule hiyohiyo, kwenye mji mmoja wa viwanda vya pamba vilivyofungwa zamani. Novemba, darasa la tisa walipomliza Freya, Lorraine aliingia na biskuti, akakaa bila kuuliza kitu mpaka machozi yakaisha. Alikuwa akiwaita wote "mpenzi," walimu, wapishi, hata fundi wa bomba. Yeye pia ndiye aliyekuwa anaandika ripoti za Freya, kwa maana mwalimu mgeni hukaa miaka miwili akitazamwa kabla hajathibitishwa.

Insha zilikusanywa baada ya likizo ya Pasaka. Wanafunzi arobaini na mmoja, madarasa matatu. Kwanza walimu wote watatu walisoma insha tatu za mfano kutoka bodi, kila mtu peke yake, wakakutana na alama zinazokaribiana kabisa. Lorraine alifurahi. "Tunaona kwa jicho moja," alisema. Kila mmoja akaenda kusahihisha za darasa lake. Lorraine alikuwa na kumi na nne.

Kisha wakabadilishana. Freya alipewa sita za Lorraine, nakala safi zisizo na alama, na bahasha iliyofungwa yenye alama za Lorraine ndani. Alizisoma Jumapili nzima, mwongozo wa kusahihisha ukiwa pembeni. Akatoa ishirini na nne, thelathini, ishirini na mbili, ishirini na saba, thelathini na tatu, ishirini na sita. Halafu akafungua bahasha.

Lorraine alikuwa ametoa thelathini, thelathini na tano, ishirini na nane, thelathini na mbili, thelathini na tatu, thelathini na mbili.

Freya alidhani amekosea yeye. Akazisoma upya. Zilikuwa sita juu, tano juu, sita, tano, sita. Moja tu ndiyo waliyokubaliana, ile ya thelathini na tatu, na hiyo ilikuwa ya msichana aliyehamia Januari kutoka shule nyingine, ambaye Lorraine hakuwa amemjua vizuri bado.

Jumatatu asubuhi alimkuta Imran kwenye mashine ya kutoa nakala, akipigana na karatasi iliyokwama.

"Imran, wewe umesoma za Lorraine?"

"Nimesoma nne."

"Ukaonaje?"

Imran akavuta karatasi, ikachanika. "Nimeona kwamba mashine hii ina roho mbaya."

"Sitanii."

"Hata mimi, dada." Akashusha sauti. "Ziko juu. Mwaka jana pia zilikuwa juu kidogo. Bodi waliomba sampuli, ikapita kwa tundu la sindano. Mwaka huu si kidogo."

"Hukumwambia?"

"Huyu mwanamke alinifundisha mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja. Alikuja msibani kwa bibi yangu na sufuria ya supu, akahakikisha kwanza kwamba ni halali. Nimwambie nini? Eti macho yako yamezeeka?"

"Barua yake ilisema tumwambie."

"Barua!" Imran akacheka, lakini si kwa dharau. "Hiyo ni adabu, Freya. Mtu akikwambia jisikie nyumbani, huendi kulala kitandani kwake."

Freya alikwenda darasani kwake. Kulikuwa na wanafunzi kumi na watatu huko, na miezi minane alikuwa amewapa kila alama kwa kipimo, bila ya kuongeza hata moja. Bodi wakishusha za shule nzima, wao pia watashushwa. Au bodi wataona madarasa hayalingani, warudishe kazi yote isahihishwe tena, na watu wa juu wataanza kuuliza. Lakini anayeandika ripoti ni Lorraine. Alifikiria pia ile biskuti ya Novemba, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi.

Kikao kilikuwa Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, chumbani kwa Lorraine. Lorraine alikuwa ameshachemsha maji.

"Haya, wapenzi. Nani anaanza?"

Imran alitazama kikombe chake. Freya akasema, "Mimi. Za kwako, Lorraine. Naona ziko juu. Tano kati ya sita."

"Juu kiasi gani?"

"Tano. Sita."

Lorraine alitabasamu kama mtu anayesikia kelele nje na bado hajajua ni nini. Akavuta karatasi za Freya, akazipitia. Tabasamu likaondoka taratibu.

"Shannon Pilling umempa ishirini na sita."

"Ndiyo. Amesimulia vizuri sana mambo ya wanawake wa viwandani. Lakini hapimi vyanzo vyake. Anavinukuu tu. Na wanahistoria wawili anaowataja, hasemi nani ana hoja yenye nguvu na kwa nini. Mwongozo..."

"Mwongozo naujua. Nilikuwa nausoma wewe hujazaliwa." Lorraine hakupandisha sauti. "Unajua Shannon anaamka saa ngapi? Baba yake hawezi kutoka kitandani bila yeye. Anamwogesha, anamlisha, ndipo anakuja shule. Ile insha ameiandika kwenye chumba cha kusubiri hospitalini."

"Sikujua."

"Basi."

"Lakini Lorraine," Freya alisema, na akasikia sauti yake imekuwa nyembamba, "insha haisemi hayo. Na huyo msomaji wa bodi hatayajua."

Imran akakohoa. "Zangu nne pia," alisema. "Ziko juu. Nilipaswa kusema mwaka jana."

Lorraine alizikusanya zile insha, akazipanga kingo zilingane, akazitia mkobani. "Kikao kimekwisha," alisema, akatoka na kuwaacha na chai yao.

Ijumaa hakumwita mtu mpenzi. Alipopita mlangoni kwa Freya alitazama mbele. Freya alimpigia mama yake simu wakati wa chakula cha mchana, akashindwa kusema kilichotokea, akasema tu kuna baridi.

Jumatatu, shule ilipofunga, Lorraine alikuja chumbani kwa Freya na mkobani mlikuwa na insha zote kumi na nne. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni. Akavuta kiti.

"Nimezirudia zote. Nimefunika majina kwa karatasi. Ya Shannon nimeiacha, nataka tuisome pamoja."

Akaanza kuisoma kwa sauti, kalamu mkononi. Ilikuwa insha yenye moyo, na Lorraine aliisoma vizuri. Ukurasa wa sita alisimama.

"Hapa alitakiwa ajiulize ile ripoti ya mwenye kiwanda iliandikwa kwa faida ya nani."

"Ndiyo."

"Na hapa pia." Akaendelea kimya mpaka mwisho. "Nilikuwa naongezea mwenyewe, kichwani. Najua angeyasema hayo, kwa hiyo nikasoma kama ameyasema." Akaandika pembeni, mistari mitatu ya maelezo, kisha alama. Ishirini na saba. Freya akakubali.

"Kuna jambo lingine," Lorraine alisema. Hakuinua kichwa. "Nilimwambia. Wiki ile baba yake alipozidiwa. Alikuwa analia kwenye ngazi, nikamwambia ana thelathini na mbili."

Freya aliikumbuka ile barua ya Agosti. Mkuu wa idara mwenyewe.

"Nimeshamwambia mkuu wa shule. Ameniita mpumbavu kwa lugha ya kiungwana. Kesho nitamwambia mtoto."

Shannon alikuja saa ya mapumziko, koti lake halijafungwa vifungo. Lorraine alimwomba Freya abaki. Msichana alisikiliza, na alama tano zilipotajwa hakulia. Alimgeukia Freya.

"Ni wewe, sivyo? Bi Lorraine hawezi kunifanyia hivi."

Freya alifungua mdomo. Lorraine akamtangulia.

"Mimi ndiye niliyetoa alama zote mbili, mpenzi, na ya kwanza ndiyo niliyokosea. Sahihi hapo chini ni yangu. Usimtafute mwingine."

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi kisicho changu. Nisamehe."

Akampa nakala ya insha yake yenye maelezo yote, na mwongozo, na fomu. "Una haki ya kuomba isomwe upya kabla hatujapeleka alama. Si mimi nitakayesoma, wala si wenzangu wawili. Ni mwalimu wa shule nyingine asiyekujua. Anaweza kupandisha, anaweza kushusha, anaweza kuacha. Una mpaka Jumatano ijayo."

"Na wewe unadhani nijaze?"

Freya aliona jinsi Lorraine alivyotaka kusema lile ambalo msichana alitaka kulisikia.

"Soma kwanza nilichoandika pembeni," alisema hatimaye. "Kisha uamue."

Shannon akachukua karatasi, akaondoka bila kuaga. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Alijaza fomu. Mwalimu wa shule nyingine alitoa ishirini na saba. Alama zilipelekwa tarehe ya mwisho, bodi wakaomba sampuli, na Juni ukaisha kabla ya matokeo kutoka, bila mtu kujua kama Shannon atapata nafasi aliyoiomba chuoni. Lorraine alikuwa akimsalimu kila asubuhi. Siku nyingine aliitikiwa.

Ripoti ya Freya ilikuja siku ya mwisho ya muhula. Alisoma kwamba anaheshimu muda, kwamba sauti yake inahitaji kukomaa kwa darasa la tisa, na kwamba katika kusawazisha alama za idara amefanya lile ambalo walimu wawili wenye uzoefu walishindwa kulifanya. Lorraine alikuwa ameketi mbele yake, akingoja atie sahihi.

"Ni kweli yote?" Freya aliuliza.

"Lile la sauti nimekupendelea kidogo," Lorraine alisema. "Ni mbaya zaidi ya hapo." Kisha akatazama dirishani, kule wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikokuwa wakipigana picha, na Shannon hakuwa miongoni mwao.